Kwa nini benki ilimpa mwenzako milioni 17 na wewe milioni 5.8

*"Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Kasulu. Mshahara wangu wa msingi ni 900,000. Niliomba benki milioni 10 nimalizie nyumba, wakaniambia mwisho wangu ni milioni 5.8. Mwenzangu tunafundisha shule moja, daraja moja, mshahara uleule, na benki ileile ilimpa milioni 17. Nina mkopo mmoja wa 140,000 kwa mwezi umebakiza miezi 24, na Bodi ya Mikopo nadaiwa 1,215,000. Sijawahi kuchelewa kulipa. Nina kiwanja chenye hati na mume wangu anafanya biashara ya mawese. Wananionea? Nikienda benki nyingine nitapata?"*

Mwalimu, hakuna aliyekuonea. Nimekaa dawati la mikopo miaka mingi, Tabora kwanza halafu Kigoma, na malalamiko ya aina hii ndiyo niliyoyasikia kuliko yote: fulani kapewa, mimi kwa nini nisipewe, na mshahara wetu ni mmoja. Tatizo ni kwamba afisa mikopo haangalii sana mshahara. Anaangalia nafasi iliyobaki ndani ya mshahara. Ninyi wawili mna mshahara sawa lakini nafasi zenu zimepishana mno, na nitakuonyesha zilipopishania.

Chukua salari slipu yako tuisome pamoja. Juu kabisa kuna mshahara wa msingi, 900,000. Chini yake yanaanza makato. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua 5%, yaani 45,000. Bima ya afya ya NHIF 3%, yaani 27,000. Kodi ya mapato inapigwa baada ya kutoa pensheni, kwa hiyo inahesabiwa kwenye 855,000, na kwa viwango vya sasa inafika 91,750. Kama wewe ni mwanachama wa CWT, 2% nyingine inakwenda huko, 18,000. Mpaka hapo umebakiwa na 718,250, na mwenzako pia amebakiwa na kiasi hichohicho. Bado mko sawa.

Mnaachana kwenye mstari unaofuata. Bodi ya Mikopo, HESLB, inakata 15% ya mshahara wa msingi, na kwako hiyo ni 135,000 kila mwezi. Mwenzako, kwa jinsi hesabu inavyokaa, ama alishamaliza bodi ama hakuwahi kukopeshwa. Baada yake kwenye slipu yako unakuja ule mkopo wa 140,000. Mwenzako huo hana. Ukitoa vyote viwili, wewe unapokea 443,250 na yeye anapokea 718,250.

Sasa inaingia kanuni ambayo kila mtumishi wa umma ameshaisikia ingawa wachache wameikalia na kalamu: makato yote yakishatoka, mkononi isibaki chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Theluthi ya 900,000 ni 300,000. Hiyo haiguswi, hata ukiandika barua ya kurasa kumi. Kwa hiyo nafasi yako ni 443,250 ukitoa 300,000, yaani 143,250. Ya mwenzako ni 418,250. Benki imekuta nafasi yake ni karibu mara tatu ya yako, na mkopo wake ukawa karibu mara tatu ya wako.

Lakini 143,250 iligeukaje kuwa milioni 5.8? Watu wengi wanadhani benki inaanza na kiasi unachoomba kisha inatafuta rejesho. Kwa mtumishi ni kinyume. Benki inaanza na rejesho la juu kabisa unaloweza kubeba, halafu inauliza rejesho hilo linaweza kulipa mkopo wa kiasi gani, kwa riba hii, kwa miaka hii. Hukutaja riba wala muda, ila nikichukua mfano wa 16% kwa mwaka juu ya salio linalopungua, kwa miezi 60, kila milioni moja unayokopa inadai rejesho la karibu 24,320 kwa mwezi. Gawa 143,250 kwa 24,320 upate milioni 5.89. Fanya hivyohivyo kwa 418,250 ya mwenzako upate milioni 17.2. Hizo ndizo namba mlizoambiwa dirishani, kwa hiyo nadhani sijakosea sana riba yenu.

Ukijiuliza kwa nini rejesho la 143,250 kwa miezi 60, ambalo jumla yake ni karibu milioni 8.6, linalipa milioni 5.89 tu, angalia mwezi wa kwanza. Riba ya 16% kwa mwaka ni kama 1.33% kwa mwezi, na kwenye milioni 5.89 hiyo ni 78,500 hivi. Katika 143,250 yako, zaidi ya nusu inaliwa na riba na 64,700 tu ndiyo inayopunguza deni lenyewe. Mwezi wa pili riba inapigwa kwenye salio dogo kidogo, na sehemu inayopunguza deni inakua kidogo. Ndiyo maana mtu akienda kulipa mkopo wote mwaka wa kwanza anashangaa deni halijasogea kama alivyotarajia.

Hapo sasa ujibiwe la benki nyingine. Salari slipu utakayopeleka ni ileile, na nafasi ni ileile 143,250. Kinachoweza kubadilika ni riba na muda. Tuseme umebahatika ukapata riba ya 13%: kwa miezi hiyohiyo 60 utapewa kama milioni 6.3. Tuseme wamekuongezea muda hadi miaka 7 kwa riba ya 16%: utapata milioni 7.2, lakini utakatwa miaka miwili zaidi. Milioni 10 haiji kwa njia hiyo. Na usidhani benki ya pili haitajua ya kwanza. Makato yapo kwenye slipu, na hata deni lisilokatwa kwenye slipu linaonekana kwenye taarifa za mikopo ambazo mabenki hupeleka na kuzichungulia kupitia kampuni kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, zilizopewa leseni na Benki Kuu. Ukiomba sehemu nne ndani ya wiki mbili, maombi yenyewe yanaweza kumfanya afisa akuulize unatafuta nini.

Kiwanja chako nacho hakisaidii hapa, na hili huwaudhi watu kweli. Dhamana inaijibia benki swali moja tu: ukishindwa kulipa, tutashika nini? Swali la kama *utaweza* kulipa kila tarehe ya mshahara dhamana hailigusi, na ndilo linaloulizwa kwanza. Benki iliyo timamu haitaki kiwanja chako. Kukiuza kuna notisi, dalali, mahakama pengine, na kama ni nyumba ya familia, ridhaa ya mwenzi inatakiwa tangu inawekwa rehani. Mkopo wa mtumishi unategemea mshahara unaopita kwao. Hati yako ingekuwa na kazi kwenye aina nyingine ya mkopo, ule wa nyumba au wa biashara, ambao una taratibu zake.

Na mawese ya mume? Kwenye mkopo unaokatwa kwenye mshahara wako, hayahesabiki kabisa. Yangehesabika kama mngeomba mkopo wa biashara kwa jina lake au mkopo ambao ninyi wawili mnasaini kama wakopaji, na hapo afisa angefanya hesabu tofauti. Asingeangalia mauzo. Tuseme anauza madumu ya milioni 3 kwa mwezi: afisa atatoa bei ya kununulia, usafiri wa lori mpaka Tabora au Mwanza, ushuru wa njiani, madumu yaliyovuja, na chakula cha nyumbani kinachotolewa humohumo dukani. Ikibaki 400,000 ataikata tena, labda achukue nusu, kwa sababu mawese yana msimu na bei yake haitulii. Na ataitaka hiyo hesabu aione kwenye maandishi: daftari, miamala ya simu, taarifa ya akaunti. Pesa inayopita mkononi tu hata iwe nyingi namna gani, kwake haipo.

Theluthi ni kanuni ya mwajiri. Benki yenyewe ina kipimo chake cha pili, uwiano wa deni na kipato. Unajumlisha marejesho yote ya mwezi, ya zamani pamoja na jipya, unagawa kwa kipato. Kwako, ukichukua hiyo milioni 5.8: bodi 135,000, mkopo wa zamani 140,000, mpya kama 143,000. Jumla 418,000. Ukigawa kwa mshahara kamili wa 900,000 unapata 46%. Ukigawa kwa 718,250 inayobaki baada ya kodi na michango, unapata 58%. Unaona jinsi mtu mmoja anavyoonekana mwepesi kwa kipimo kimoja na mzito kwa kingine. Ndiyo maana ukiambiwa "uwiano wetu mwisho ni 50%", uliza papo hapo: wa kipato kipi, kabla ya makato au baada? Benki mbili zinaweza kutaja asilimia moja na zikamaanisha vitu viwili. Benki yako inaonekana imekuruhusu mpaka kwenye theluthi, yaani imekuwa laini. Nyingine ingeweza kukukatalia hata hiyo 5.8.

Kuna kitu kimoja kwenye barua yako ambacho wewe mwenyewe umekipita haraka, na mimi ndicho kilichonifanya nijibu kwa urefu. Bodi unadaiwa 1,215,000. Gawa kwa 135,000: ni miezi 9 tu.

Benki haipimi ukubwa wa deni ulilonalo. Inapima rejesho lake la mwezi. Deni la milioni 1.2 linalokata 135,000 linakuziba sawasawa na deni la milioni 5.5 linalokata 135,000. Kwa kipimo cha nafasi, hilo salio dogo la bodi linakunyima mkopo wa zaidi ya milioni 5.5. Likiondoka, nafasi yako inapanda toka 143,250 hadi 278,250, na 278,250 inabeba milioni 11.4. Milioni 10 uliyoitaka inadai rejesho la 243,200 hivi. Inaingia.

Kwa hiyo una njia tatu za kweli, na nitakwambia ninavyoziona.

Ya kwanza ni ile ambayo afisa atakupendekezea kwa tabasamu: benki inunue deni lako la zamani, iliunganishe na jipya, ukatwe mara moja. Salio la ule mkopo wa 140,000 uliobakiza miezi 24, kwa riba hiyohiyo ya mfano, ni kama milioni 2.86. Ukiliondoa, nafasi yako inakuwa 283,250 na mkopo mpya milioni 11.65. Toa 2.86 ya kulipa deni la zamani, mkononi inabaki milioni 8.79, kabla ya bima na ada ambazo hukatwa hapohapo. Bado hujafika kumi. Na gharama yake ni hii: ungechukua 5.89 ukaendelea na mkopo wa zamani ulivyo, ungelipa kwa yote karibu milioni 11.96. Ukiunganisha utalipa karibu milioni 17. Umeongeza malipo ya milioni 5 ili upate milioni 2.9 zaidi mkononi, kwa sababu deni lililokuwa linakwisha baada ya miaka miwili umelianzisha upya kwa miaka mitano. Mimi nisingefanya, isipokuwa kama hilo deni la zamani lina riba kubwa sana kuliko jipya.

Ya pili ni kusubiri miezi 9. Haina gharama yoyote isipokuwa subira na bei ya saruji kupanda.

Ya tatu ni kulipa bodi kwa mkupuo. 1,215,000 si pesa ndogo Kasulu, lakini mume akiuza vizuri msimu huu, au zamu yako ya kikoba ikifika, inawezekana. Siku hizi bodi haiongezi tena ile tozo ya 6% ya kulinda thamani, iliondolewa 2021, kwa hiyo kwa kawaida nisingemwambia mtu akimbilie kulilipa. Lenyewe ni deni la bei rahisi. Kwako nakwambia ulilipe kwa sababu ya nafasi linayokalia, na kwa sharti kwamba hiyo pesa huikopi kwingine. Ukikopa 1,215,000 kwa mtu wa kausha damu ili ufungue mkopo wa benki, utakuwa umetoa mwiba kwa msumari.

Ukichagua ya pili au ya tatu, usikimbilie benki siku bodi ilipokupa uthibitisho wa kumaliza. Makato ya mshahara huandaliwa mapema mwezini, na nimeona watu wakikatwa mwezi mmoja au miwili baada ya kumaliza, kisha wanaanza kuhangaikia marejesho ya kilichozidi. Benki inasoma slipu, na kwenye slipu mstari wa bodi ukiwa bado upo, nafasi haipo. Subiri itoke slipu isiyo na mstari huo, ndipo uombe.

Sasa niongee kama mtu aliyewahi kukosea. Nikiwa Tabora nilimpitisha mwalimu mmoja mpaka kwenye theluthi kamili. Kila karatasi ilikuwa sawa, uwiano sawa, mfumo ukakubali. Sikumuuliza ana watoto wangapi. Wawili walikuwa wanaanza kidato cha tano muhula uleule, mmoja bweni la mbali. Mwezi wa nne alirudi dirishani kuulizia salio kwa sababu kadi yake ya benki ilikuwa imeshikwa na mkopeshaji wa mtaani, pamoja na namba ya siri, na mshahara ukiingia unatolewa na mwenye kadi kabla yeye hajaamka. Mkopo wangu ulikuwa unalipwa kama kawaida, kwenye vitabu alikuwa mteja mzuri. Aliyekuwa hapati cha kula ni yeye.

Ndiyo maana afisa mwenye uzoefu, akimaliza uwiano, anafungua taarifa ya akaunti ya miezi sita na kuisoma kama barua. Anaona mshahara unaingia tarehe fulani na kufika kesho yake umebaki elfu mbili. Anaona Songesha imekopwa, imelipwa, imekopwa tena wiki hiyohiyo. Kiasi ni kidogo, ila inamwambia kwamba kila mwezi unaisha kabla ya mwezi. Anaona pesa za mikeka. Hayo hayamo kwenye asilimia yoyote, lakini yanaweza kushusha kiasi unachopewa au kukukatalia kabisa. Mikopo ya kwenye simu ilipe na uiache ikae kimya miezi michache kabla ya kuomba. Na ile ya programu zisizo na leseni usiiguse: Novemba 2024 Benki Kuu ilifungia majukwaa na programu 69 za aina hiyo kwa mpigo.

Kabla hujaomba hiyo milioni 10, fanya zoezi moja nyumbani, na mume awepo. Baada ya bodi kuondoka, ukiwa na mkopo wa zamani na huo mpya, utapokea kama 335,000 kwa mwezi kwa miaka miwili, hadi ule wa zamani uishe. Leo unapokea 443,250. Kwa miezi miwili mfululizo, mshahara ukiingia, toa 108,000 upeleke kwenye akaunti usiyoigusa, halafu muishi kwa kilichobaki. Mkifika tarehe ishirini bila kukopa kwa mangi, mkopo huo unawafaa. Mkishindwa, basi 10 ni nyingi hata kama benki itakubali, na huenda milioni 7 ya kuezeka na kuweka milango ikawatosha kwa sasa. Na ujue benki inayokomea 50% ya kipato baada ya makato ya lazima isingekupa 10 hata bila bodi. Ingekomea kwenye milioni 9.

Utakapokuwa tayari, nenda mwenyewe tawini, usimtume mtu anayejiita wakala. Beba salari slipu tatu za mwisho na barua ya salio la mkopo wa zamani. Mwambie afisa akuandikie vitu vinne kwenye karatasi moja: kiasi kitakachoingia mkononi baada ya bima na ada, rejesho la mwezi, idadi ya miezi, na jumla utakayolipa hadi mwisho. Kama riba yake si ya salio linalopungua, hiyo jumla itakuonyesha mara moja, kwa sababu itakuwa kubwa kuliko nilizokupa hapa.

Na ukiona kwenye slipu makato usiyoyatambua, au mkononi inabaki chini ya 300,000, usianzie benki. Anzia kwa afisa utumishi wa halmashauri, na slipu ile mkononi, kabla hawajafunga orodha ya mshahara wa mwezi unaofuata.